Abiria Wangapi, na kwa Dhamana ya Nani? Teksi na Pikapu za Afrika Kusini

Nchini Afrika Kusini, watu wengi wasio na magari yao husafiri kwa njia mbili. Mjini hupanda teksi, yaani lile basi dogo ambalo Nairobi huitwa matatu na Dar es Salaam daladala. Mashambani na kwenye kazi za ujenzi, hupakiwa nyuma ya pikapu. Magari haya hayakuundwa kwa kazi moja. La kwanza lina viti vya watu, la pili lina bodi ya mizigo. Kwa hiyo sheria huyawekea masharti tofauti. Hata hivyo, masharti yote humfikia mtu mmoja, naye ni dereva. Yeye ndiye anayejua ni wangapi wamepanda, ndiye anayewasha injini, na ndiye atakayeulizwa kwanza mambo yakiharibika.

Msingi wa masharti hayo ni Sheria ya Taifa ya Trafiki Barabarani, namba 93 ya mwaka 1996, pamoja na kanuni zake za mwaka 2000. Ukizisoma kwa makini, utaona kwamba usalama wa abiria hupimwa kwa vipimo vitatu: kiti, uzito, na namna mtu anavyozuiwa asianguke. Gari linaweza kupita kipimo kimoja likashindwa kingine. Dereva aliyehesabu vichwa tu bado hajamaliza kazi yake.

Kipimo cha kiti

Kisheria, basi dogo ni gari lililoundwa au kurekebishwa ili kubeba watu zaidi ya 9 lakini wasiozidi 16, dereva akiwa ndani ya hesabu hiyo. Teksi ya kawaida ya viti 16 hupangwa hivi: mbele hukaa dereva na abiria wawili, nyuma yao kuna safu tatu za watu watatu watatu, na safu ya mwisho kabisa huchukua wanne. Jumla ya abiria ni 15.

Ujazaji wa kawaida hauonekani wa kutisha. Safu za katikati, zilizotengenezwa kwa watu watatu, hutiwa wa nne. Abiria husogeana, na gari huondoka na watu 18 badala ya 15. Watatu walioongezeka hukaa upande wa mlango, mahali palipoachwa wazi ili watu wapite. Hapo ndipo madhara yanapoanzia. Mtu wa nne hana mkanda, kwa sababu mikanda iliwekwa kwa idadi ya viti. Gari likigonga, mwili wake hurushwa mbele na kuwapiga walioketi safu ya mbele yake, hata kama wao wamefunga mikanda yao. Gari likipinduka au likishika moto, yeye na wenzake ndio wanaoziba njia ya kutokea, na walioketi safu ya nyuma kabisa hawana mlango mwingine wa haraka.

Kenya ilikutana na tatizo hilohilo, ikalishughulikia kwa kanuni zilizoanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004, wakati John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi. Kila abiria alitakiwa kuwa na kiti na mkanda, na magari yakafungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Hoja ya nchi zote mbili ni moja: kiti bila mkanda hakijakamilika, na mtu aliyebanwa katikati ya viti viwili hana kiti.

Kiti chenyewe nacho kinaweza kudanganya. Afrika Kusini iliwahi kukumbwa na kashfa ya magari ya mizigo, yale yenye bodi iliyofungwa bila madirisha, ambayo yalikatwa madirisha, yakafungwa viti na kusajiliwa kuwa teksi. Suala hilo lilifika hadi kwa Mlinzi wa Umma, ofisi ya kikatiba inayochunguza malalamiko dhidi ya vyombo vya dola. Kwa macho, gari la namna hiyo hufanana na teksi halali. Tofauti imo ndani ya bati. Sakafu na paa la gari la mizigo havikuimarishwa kushikilia viti vyenye watu, kwa hiyo ajali ikitokea viti vinaweza kung'oka pamoja na waliovikalia. Abiria ana idadi sahihi ya viti na mkanda juu yake, lakini kiti chenyewe hakijashikwa na kitu imara.

Watoto wanavyohesabiwa

Kanuni za Afrika Kusini haziwahesabu watoto kama watu wazima. Mtoto aliye chini ya miaka 3 hahesabiwi kabisa. Watoto wawili wenye umri wa kuanzia miaka 3 lakini chini ya 6 huhesabiwa kuwa mtu mmoja. Watoto watatu wa kuanzia miaka 6 lakini chini ya 13 huhesabiwa kuwa watu wawili. Kwa mabasi madogo yenye leseni ya biashara, hesabu hii hutumika katika kusafirisha wanafunzi.

Chukua teksi ya nafasi 15 inayopeleka wanafunzi wa shule ya msingi, wote wa kati ya miaka 6 na 12. Watoto 21 ni makundi saba ya watatu, na kila kundi ni watu wawili. Kwa hesabu ya sheria hao ni watu 14. Askari wa trafiki akilisimamisha gari hilo hana kosa la idadi la kuandika. Lakini mikanda ya abiria ni 15, na mkanda mmoja haugawanyiki kwa watoto wawili. Kuwafunga wawili pamoja ni hatari zaidi, maana gari likigonga miili yao hugongana ndani ya mkanda uleule. Watoto sita watabaki bila kinga yoyote katika gari ambalo halijavunja sheria ya idadi.

Mfano huu unaonyesha mpaka wa sheria yenyewe. Hesabu ya watoto iliwekwa kwa kuangalia nafasi wanayoijaza, kwa kuwa ni wadogo. Haikusema kwamba mtoto ni theluthi mbili ya mtu siku ya ajali. Mzazi anayetafuta gari la kumpeleka mwanawe shule hafai kuuliza tu kama gari limejaza kupita kiasi. Swali la maana ni kama kila mtoto ana mkanda wake.

Kipimo cha uzito

Kila gari lina uzito wake likiwa tupu, na lina uzito wa juu kabisa ambao mtengenezaji ameruhusu likiwa limepakiwa. Afrika Kusini tarakimu zote mbili huandikwa kwenye stika ya leseni inayobandikwa kwenye kioo cha mbele. Ukitoa uzito mtupu kutoka kwenye ule wa juu, unapata kilo ambazo gari linaweza kubeba, ikiwa ni pamoja na watu, mizigo na dereva mwenyewe.

Mfano wa pikapu ya tani moja utaeleza vizuri. Tuseme stika inaonyesha uzito mtupu wa kilo 1,750 na uzito wa juu wa kilo 2,800. Nafasi iliyobaki ni kilo 1,050. Msimamizi wa shamba anawapakia vibarua 14 nyuma. Kila mmoja akikadiriwa kuwa na kilo 70, hao ni kilo 980. Mbele kuna dereva na mtu mwingine mmoja, kilo 140. Kuna pia majembe, madumu ya maji na chakula cha mchana, kilo 150. Jumla ni kilo 1,270. Gari limezidishiwa kilo 220, ingawa anayelitazama kutoka pembeni ataona watu waliokaa kwa utulivu na bodi ambayo haijafurika.

Athari ya kwanza hutokea kwenye matairi ya nyuma. Ubavuni mwa tairi kuna namba ya uwezo wa kubeba. Tairi la basi dogo lenye alama 106, kwa mfano, linaruhusiwa kubeba kilo 950 likiwa na upepo uliopendekezwa. Uzito ukizidi, au upepo ukipungua, ubavu wa tairi hukunjwa na kunyooshwa zaidi kila linapozunguka. Kukunjwa huko huzalisha joto. Joto huachanisha mpira na nyuzi zilizo ndani, na mwishowe ngozi ya tairi hubanduka au tairi lote hupasuka. Hili halitokei gari linapoondoka stendi. Hutokea baada ya mwendo mrefu wa kasi kwenye lami yenye joto, na ndiyo sababu dereva hujiaminisha kwamba mzigo ule gari linauweza, kwa kuwa jana lilifika salama.

Tairi la nyuma likipasuka, mkia wa gari huvutwa upande mmoja. Dereva hukata usukani kulirudisha, na gari lenye watu wengi hupinduka kwa urahisi, kwa sababu kitovu cha uzito wake kimepanda. Gari tupu lina uzito wake mwingi chini: injini, gia, ekseli. Abiria huwekwa juu ya vyote hivyo. Watu wakisimama kwenye bodi ya pikapu, uzito hupanda juu zaidi, na kwenye kona wote huyumba kuelekea upande uleule ambao gari linataka kuangukia.

Athari ya pili iko kwenye breki. Gari lililozidishiwa huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na kwenye mteremko mrefu breki zake hupata moto hadi zinapoteza nguvu. Athari ya tatu ni kwenye usukani. Mzigo mwingi ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, pua ya gari huinuka, magurudumu ya mbele yanashika barabara kwa ulegevu, na dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi. Usiku, taa zake huangaza juu na kuwapofusha wanaokuja mbele. Mambo haya mawili, usukani mwepesi na taa zilizoinuka, ni dalili ambazo dereva na hata mpita njia anaweza kuzitambua bila mizani.

Nyuma ya pikapu

Sheria ya Afrika Kusini haikupiga marufuku moja kwa moja kubeba watu nyuma ya pikapu. Iliweka masharti, na moja ya masharti hayo lilikazwa miaka ya karibuni.

La kwanza ni kingo za bodi. Sehemu wanapobebwa watu lazima iwe imezungushiwa kingo imara zenye kimo cha angalau milimita 350 kutoka pale mtu anapokalia, au milimita 900 kutoka pale anaposimama. Kipimo hakianzii sakafuni, bali huanzia mtu alipo. Kwa hiyo pikapu ileile inaweza kuwa halali na haramu kwa wakati mmoja. Aliyeketi sakafuni huenda akawa na ukingo unaotosha nyuma ya mgongo wake. Aliyeketi juu ya uvimbe wa gurudumu ndani ya bodi amejipandisha, na ukingo unaobaki nyuma yake mara nyingi haufiki kipimo. Aliyekalia ukingo wenyewe hana kinga hata kidogo. Na kwa anayesimama, kingo za kawaida za pikapu hazikaribii milimita 900, hivyo kusimama kunahitaji kizimba kilichotengenezwa mahususi.

Sharti la pili ni kutenganisha watu na vitu. Watu hawaruhusiwi kubebwa pamoja na zana au mizigo, isipokuwa vitu vyao binafsi, mpaka pawe na kizuizi kinachogawa sehemu hizo mbili. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Breki ya ghafla ikipigwa, mtungi wa gesi, jembe au mfuko wa saruji huendelea na mwendo uleule uliokuwa nao, na kinachousimamisha ni mwili wa mtu. Wale vibarua 14 wa mfano wetu walikuwa wamevunja sharti hili tangu majembe yalipowekwa miguuni pao, hata kabla ya uzito kupimwa.

Sharti la tatu lilianza kutumika tarehe 11 Mei 2017. Tangu siku hiyo, hairuhusiwi kuwabeba wanafunzi, wala mtu mwingine yeyote, kwa malipo katika sehemu ya mizigo ya gari. Neno la kuzingatia hapo ni malipo. Mwenye shamba anayewapeleka wafanyakazi wake bila kuwatoza nauli bado anaweza kufanya hivyo akitimiza masharti ya kingo na mizigo. Jirani anayekusanya fedha za kila mwezi kutoka kwa wazazi na kuwapakia watoto nyuma ya pikapu anavunja sheria, hata kama watoto ni watano tu na wameketi sakafuni.

Wengine hufunga kibanda cha bati au plastiki juu ya bodi wakiamini wametatua tatizo. Kibanda humkinga mtu na mvua na upepo, na huzuia asidondoke gari likiwa katika mwendo wa kawaida. Lakini hakina viti wala mikanda, na mlango wake kwa kawaida hufunguliwa kutoka nje. Moshi wa injini ukivuja na kuingia humo, hewa yake ya sumu, isiyo na rangi wala harufu, huweza kuwalewesha waliomo bila wao kujua. Gari likipinduka, kibanda chepesi hung'oka mara moja.

Hatari kubwa ya bodi ya wazi ni kurushwa nje. Ndani ya gari lililofungwa, abiria hupunguzwa mwendo pamoja na gari. Nyuma ya pikapu, gari husimama na mtu huendelea, kisha hukutana na lami, mti au gari linalofuata. Hahitaji ajali kubwa ili afe. Shimo la barabarani au kona iliyokatwa kwa kasi inatosha.

Mzigo wa dereva na wa mwenye gari

Dereva wa teksi hatakiwi kuwa na leseni ya kawaida peke yake. Anapaswa kuwa na kibali cha udereva wa kitaalamu wa kubeba abiria, ambacho hapewi aliye chini ya miaka 21, na ambacho huombwa kwa cheti cha daktari. Kiwango cha pombe kinachovumiliwa kwake ni kidogo kuliko cha dereva mwingine: chini ya gramu 0.02 katika mililita 100 za damu, wakati mwenye gari binafsi kikomo chake ni 0.05. Mwendo wa basi dogo la biashara una kikomo cha kilomita 100 kwa saa, hata kwenye barabara kuu ambako magari madogo huruhusiwa 120. Mambo yote haya yana maana moja: anayebeba watu kwa malipo hupimwa kwa kipimo kikali zaidi.

Mwenye gari naye hayuko nje. Sheria humtaka mwendeshaji wa biashara ahakikishe gari linafaa kuwa barabarani na awasimamie madereva wake. Ni muhimu kuliona hili, kwa sababu ujazaji wa abiria una chanzo cha kifedha. Madereva wengi wa teksi hupeleka hesabu kwa mwenye gari, kiasi kilichokubaliwa, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho riziki yao. Abiria watatu wa ziada katika kila safari ni faida isiyoongeza mafuta mengi. Tajiri anayepanga hesabu isiyofikika kwa abiria 15 anajua fika kwamba gari lake litabeba 18. Hata hivyo, mbele ya askari na mbele ya hakimu, shinikizo la hesabu halimtoi dereva kwenye kosa. Linaweza kumwingiza mwenye gari katika lawama, lakini halimwondoi aliyekuwa kwenye usukani.

Wala ridhaa ya abiria haimsafishi. Mtu anayesema "tutabanana tu, twende" hana mamlaka ya kubadilisha idadi iliyoandikwa kwenye leseni. Makubaliano kati ya dereva na abiria hayafuti wajibu ambao sheria imeuweka kwa ajili ya usalama wa wote, wakiwamo wale watakaogongwa na gari hilo.

Watu wakifa: kesi ya Blackheath

Uendeshaji wa uzembe unaweza kumpeleka dereva gerezani hadi miaka 3, na ule wa kutojali kabisa hadi miaka 6. Watu wakifa, mashtaka hupanda. Hapo dereva hushtakiwa kwa kuua kwa uzembe, na katika mazingira ya pekee upande wa mashtaka huweza kudai kuwa ni mauaji kamili. Kesi iliyoweka mpaka kati ya hayo mawili ilihusu teksi ya wanafunzi.

Asubuhi ya tarehe 25 Agosti 2010, huko Blackheath karibu na Cape Town, basi dogo lilikuwa limebeba watoto 14 kwenda shule. Kwenye makutano ya barabara na reli, vizuizi vilikuwa vimeshuka na magari yamepanga foleni yakingoja treni ipite. Dereva aliyapita magari hayo na kujaribu kuvuka. Treni ililigonga gari. Watoto 10 walikufa, wanne wakanusurika, na dereva mwenyewe akaokoka.

Mwaka 2011 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa makosa 10 ya mauaji na manne ya kujaribu kuua, na mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Hoja ilikuwa kwamba aliona uwezekano wa watoto kufa, akaendelea. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Rufaa ilibadilisha hukumu hiyo. Ilikubali kwamba aliiona hatari. Lakini ili liwe kosa la mauaji, alipaswa pia awe amekubali moyoni kwamba watoto wafe kama ni lazima. Ushahidi ulionyesha kuwa alikuwa amewahi kuvuka hapo kwa namna hiyohiyo bila madhara, na kwamba alijiamini atafaulu tena. Zaidi ya hayo, kukubali kifo cha watoto kungekuwa kukubali na kifo chake, kwa kuwa wote walikuwa gari moja. Alitiwa hatiani kwa kuua kwa uzembe, na kifungo kikawa miaka 8.

Wako walioichukulia hukumu hiyo kuwa huruma kwa dereva. Ukiitazama vizuri, ina onyo kali. Mahakama ilisema kwamba kufaulu mara zilizopita kunaweza kueleza kwa nini mtu alijiamini, lakini hakumwondolei hatia. Na ndivyo ilivyo kwa ujazaji wa abiria. Dereva anayesema amekuwa akibeba watu 18 kwa miaka mingi bila ajali anaweza kuepuka neno mauaji. Neno uzembe atalikuta palepale.

Fidia ya aliyeumia

Afrika Kusini ina Mfuko wa Ajali za Barabarani, ulioundwa kwa sheria namba 56 ya mwaka 1996 na kuendeshwa kwa tozo inayokatwa kwenye kila lita ya mafuta. Abiria aliyeumia kwa uzembe wa dereva hudai kwa mfuko huo, hata kama mwenye teksi hana bima wala mali. Ni lazima kuwe na uzembe wa dereva fulani. Ndiyo maana dereva aliyesababisha ajali peke yake hawezi kudai kwa majeraha yake mwenyewe, wakati abiria wake wanaweza.

Haikuwa hivyo kila wakati. Kabla ya marekebisho yaliyoanza tarehe 1 Agosti 2008, abiria aliyeumizwa na dereva wa gari alilolipanda alikuwa na kikomo cha randi 25,000 katika madai mengi, wakati aliyegongwa na gari jingine hakuwekewa kikomo hicho. Abiria watatu walioumia kwenye teksi walilipeleka jambo hilo mahakamani, katika kesi ya Mvumvu dhidi ya Waziri wa Uchukuzi. Tarehe 17 Februari 2011 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kikomo hicho kilikuwa cha ubaguzi, kwa sababu waliokipata kwa wingi ni watu weusi maskini, wasio na usafiri mwingine isipokuwa teksi.

Fidia, hata hivyo, huweza kupunguzwa. Sheria ya kugawanya hasara ya mwaka 1956 huiruhusu mahakama kupima mchango wa aliyeumia katika madhara yake. Aliyekuwa na mkanda akaacha kuufunga anaweza kukatwa sehemu ya fidia. Dereva kwa upande wake asidhani mfuko humfunika kwa kila hali. Kama alikuwa mlevi, na ulevi huo ndio uliosababisha ajali, au hakuwa na leseni, mfuko unaweza kumlipa abiria kisha ukamgeukia yeye kudai ulicholipa.

Kabla ya kuondoka stendi

Wajibu wote huu unashikika kwa ukaguzi mfupi ambao dereva anaweza kuufanya kabla ya kila safari. Husoma idadi ya watu na uzito kwenye stika ya leseni. Hutazama matairi ya nyuma: ubavu uliofura kama shavu au uliokunjika karibu na ardhi ni dalili ya upepo mdogo au mzigo mkubwa. Hurudi nyuma hatua chache na kulitazama gari kwa ubavu. Likiwa limekaa mkia chini na pua juu, mzigo upunguzwe au usogezwe mbele. Huhakikisha mlango unafungwa bila kumsukuma mtu, njia ya kupitia iko wazi, na kila mkanda umefungwa. Kwenye pikapu, huwaketisha watu sakafuni, migongo ikielekea kwenye kingo, na kuondoa zana zote zisizotenganishwa nao.

Abiria anaweza kufanya ukaguzi huohuo kwa macho yake, na ana haki ya kushuka. Lakini sheria haikumpa yeye kazi ya kulisimamisha gari. Ilimpa dereva, kwa sababu yeye peke yake anaweza kukataa kuondoka. Akiondoka na mtu asiye na kiti, kosa limeshatendeka kabla ya gari kutoka stendi, hata kama watu wote watafika salama.